Kusogeza kamera ndani ya renda moja bila kuta kupinda: ipige renda hiyo juu ya modeli yako

> Wakuu, nina renda ya sebule ya mteja, anataka video ya sekunde 4 kamera ikisogea mbele taratibu. Nimejaribu programu za akili mnemba za kugeuza picha kuwa video: kuta zinapinda, nondo za dirisha zinaongezeka na kupungua njiani. Faili la Blender ninalo, ila fremu moja inanichukua dakika 25. Nifanyeje?

Mkuu, hizo programu zinachora kila fremu kwa kukisia. Ndani yake hakuna sebule wala ukuta wenye urefu unaojulikana, kwa hiyo nondo nyembamba zilizopangwa karibu karibu ndizo za kwanza kuyumba. Ukibahatika utapata klipu moja nzuri, lakini mteja akiisimamisha katikati na kuhesabu nondo, umekwisha. Kwa majani ya miti au pazia linalopepea, sawa. Kwa mistari iliyonyooka mimi sizitumii.

Kurenda fremu zote nako hesabu inakataa. Sekunde 4 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 100, mara dakika 25 ni kama saa 42. Njia ya katikati ni kuchukua renda uliyonayo na kuipiga juu ya modeli ileile, kama projekta inavyopiga picha ukutani, halafu ukasogeza kamera ya pili. Mwanga wote umeshakokotolewa na umo ndani ya picha, kwa hiyo kila fremu inatoka kwa sekunde chache. Na ukuta hauwezi kupinda, maana ni ukuta kweli.

Nakili kamera iliyotoa renda. Moja iite `projekta` na usiiguse tena, nyingine ndiyo itakayotembea. Kila kitu kipe materiali ya `Emission` yenye picha yako, nguvu 1, kisha zima taa zote na anga. Ongeza modifaya ya `UV Project`, chagua kamera `projekta`, na kwa picha ya 3840 kwa 2160 weka `Aspect X` 16 na `Aspect Y` 9. Kwenye `Color Management` chagua `Standard`. Ukiacha `AgX`, ambayo ndiyo inayokuja yenyewe tangu Blender 4.0, rangi zitachakatwa mara ya pili na picha itapauka.

Hapa ndipo wengi wanakwama: ukuta wako huenda ni uso mmoja mkubwa wenye pembe nne. `UV Project` inakokotoa picha kwenye pembe tu, katikati inagawa sawasawa bila kujali umbali kutoka kwa kamera. Matokeo yake mstari wa sketi au wa vigae unavunjika mahali pembetatu mbili za uso huo zinapokutana, na utadhani modeli ni mbovu. Dawa ni kuweka modifaya ya `Subdivision Surface` aina ya `Simple` juu ya `UV Project`, na kuongeza hatua mpaka mistari inyooke. Usisahau kwamba `Render` ina namba yake tofauti na `Viewport`.

Sasa mwendo, na hapa jiometri itakusaidia kuamua. Chukua kiti kilicho mita 1.5 kutoka kwa kamera, na ukuta wa nyuma mita 6. Ukisogeza kamera pembeni sentimita 30, ukingo wa kiti unafunua sentimita 90 za ukuta ambazo picha yako haikuwahi kuziona. Ukiisogeza mbele sentimita 30 hizohizo, na ukingo wa kiti uko nusu mita kutoka katikati, zinafunuliwa kama sentimita 38 tu. Na mwendo bado unaonekana vizuri: ukuta unakua kwa asilimia 5, kiti kwa asilimia 25. Kwa hiyo mteja wako ameomba mwendo ulio rahisi zaidi, usimshawishi abadilishe. Renda ya 3840 ukiitoa kwa 1920 ina pikseli za kutosha kwa ukuaji huo.

Zile sentimita 38 lazima zijazwe. Picha inapopigwa, inapita kwenye kiti na kutua ukutani pia, kwa hiyo kamera ikisogea utaona mzimu wa kiti umebandikwa nyuma yake. Rudi kwenye faili la awali, chagua kiti, nenda `Object Properties`, `Visibility`, `Ray Visibility`, uondoe tiki ya `Camera`. Usikifiche kabisa, maana kivuli chake sakafuni kitaondoka nacho. Ukiondoa `Camera` peke yake, kiti hakionekani lakini kivuli kinabaki. Renda hiyo mpya ndiyo unayoipiga kwenye ukuta na sakafu, na renda ya kwanza inabaki kwa kiti chenyewe.

Dirisha ni habari hiyohiyo, ila watu wanalipuuza. Ukiacha mandhari ya nje yaliyochorwa kwenye kioo, bustani itatembea pamoja na nondo kama stika. Toa renda ya tatu, kioo, aluminiamu na nondo zikiwa zimeondolewa tiki ya `Camera`, uipige kwenye bapa lililosimama nje, tuseme mita 10 nyuma ya dirisha. Modeli ya kioo ifute kwenye faili la projekta. Nondo na aluminiamu zibaki kama modeli zenye picha ya kwanza. Hapo nondo zitateleza mbele ya bustani kama inavyostahili, na idadi yake haiwezi kubadilika. Renda tatu kwa dakika 25 ni saa moja na robo, badala ya 42.

Kama renda yako ina wima zilizonyooshwa kwa `Shift Y`, kamera inayotembea ibaki na `Shift` ileile na isizungushwe hata nyuzi moja. Isogeze tu. Ukiizungusha juu au chini, kingo za kuta zitaanza kuegemea katikati ya klipu, na utarudi hapa kulalamika kwamba kuta zinapinda.

Wakati wa kutoa fremu, zima `Denoise`. Hakuna chembe za kusafisha, na inaweza kuzipaka nondo tofauti kidogo kila fremu hadi zikaonekana kumetameta. Toa PNG, sio video moja kwa moja, ndipo uziunganishe:

```
ffmpeg -framerate 25 -i fremu_%04d.png -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p sebule.mp4
```

Usijipime kwa fremu ya kwanza. Kamera mbili zikiwa mahali pamoja, hata kitu kilichowekwa umbali usio sahihi kitaonekana sawa. Fungua fremu ya 100, angalia kingo za kiti na pembe za dirisha. Ikionekana rangi imevutika kama lami, hapo kuna uso uliopokea picha isiyo yake.

Kitu kimoja hakitatoka: mng'ao. Mwanga wa dirisha kwenye vigae umechorwa sakafuni, hautatembea na kamera kama ungetembea kweli. Kwa sentimita 30 juu ya vigae vyenye mng'ao hafifu hakuna atakayegundua. Kwa kioo cha kujitazama au TV kubwa iliyozimwa, itaonekana, na hapo mimi hupunguza mwendo hadi sentimita 15 au naanza na fremu ambayo kioo hicho hakimo.

Tupia renda yako hapa tuone kiti kiko umbali gani.