GTX 1060 ya mtumba kwenye OptiPlex 9020: soma laini ya volti 12, kisha hesabu plagi

"Wakuu, nina Dell OptiPlex 9020 ile ndefu (MT), prosesa i5-4590, memori 8GB. Nimepata GTX 1060 6GB ya mtumba kwa bei nzuri, muuzaji anasema itakaa tu bila shida. Pawasaplai imeandikwa 290W. Itabeba au nitaunguza mashine?"

Mkuu, usilipe kwanza. Mashine kama yako ninayo hadi leo, na kadi niliyoanza nayo ni hiyohiyo, kwa hiyo nitakueleza yaliyonipata.

Anza na hesabu. i5-4590 imepimwa wati 84. GTX 1060 ni wati 120. Mazabodi, memori, diski na feni wape kama wati 40. Jumla inakuja kwenye 244 hivi, chini ya 290. Hapo ndipo wengi tunapofunga mjadala na kutoa hela, na mimi nilifanya hivyo. Hesabu yenyewe ina ukweli, ila kuna mambo mawili haiyaoni. La kwanza, kadi ikiwa kwenye gemu haivuti wati 120 kwa utulivu. Inaruka juu kwa vipande vidogo vya sekunde halafu inashuka, na pawasaplai lazima istahimili ile miruko. NVIDIA wenyewe kwa kadi hii wanataka pawasaplai ya wati 400. Pia 9020 ilitoka mwaka 2013, maana yake pawasaplai yako huenda imeshafanya kazi ofisini miaka mingi kabla haijafika kwako, na ikizeeka haitoi tena kama ilivyokuwa mpya.

La pili ndilo kubwa zaidi: umeme utapita wapi? Fungua kifuniko cha pembeni ufuate waya zinazotoka kwenye pawasaplai. Utakuta plagi ya pini 8 inaingia kwenye mazabodi, nyingine ya pini 4 karibu na prosesa, na zile bapa nyeusi za SATA za diski. Basi. Plagi ya pini 6 ya kadi ya grafiki hutaiona, kwa sababu Dell hawakuiweka. Kadi unayoitaka ina tundu la pini 6 ubavuni, na tundu hilo lazima lipate umeme.

Sababu ni hii. Ile sloti ndefu ya PCIe inayobeba kadi imeruhusiwa kutoa wati 75, hazizidi hapo. Kadi ya wati 75 au chini yake inaweza kuishi kwa umeme wa sloti peke yake. Ya juu ya hapo inahitaji waya wake: pini 6 inaongeza wati 75, pini 8 inaongeza 150. Kwa hiyo mtengenezaji wa kompyuta asipoweka waya wa pini 6, ameshakuonyesha ukubwa wa kadi aliyoifikiria.

Mimi nilipokwama hapo, muuzaji alinipa adapta: upande mmoja SATA, upande wa pili pini 6. Bei yake ndogo, ikaingia vizuri, kompyuta ikawaka, picha ikatoka safi. Siku ya kwanza nilicheza kama dakika 40. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, skrini ikawa nyeusi, feni ya kadi ikaanza kuzunguka kwa kasi yote. Nilizima ukutani. Nilipotaka kuichomoa ile plagi ya SATA ikang'ang'ania; plastiki ilikuwa imelainika ikashikana na mwenzake. Ilipotoka, upande wa waya wa njano, ule wa volti 12, ulikuwa umegeuka kahawia na pini mbili zimezama ndani. Diski ilikuwa kwenye waya huohuo. Ilipona, lakini mafaili yangu yote ya miaka minne yalikuwa humo, na sikulala vizuri usiku ule.

Kilichotokea kinaelezeka. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Hiyo ni ampea 4.5, ukizidisha kwa 12 unapata wati 54. Tundu la pini 6 linaweza kuomba hadi 75. Yaani nilikuwa navutisha wati nyingi kwenye njia ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo, na pini moja ikilegea kidogo tu, zilizobaki zinabeba fungu lake na joto linapanda. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka adapta ya SATA", mwambie hapana. Zile adapta zinazotumia plagi nyeupe kubwa za pini 4, mbili zikiungana kuwa pini 6 moja, zina pini nene na zinavumilia zaidi, lakini pawasaplai yako haina plagi hizo.

Baada ya hapo nikaenda kutafuta pawasaplai nyingine, na hapa nakuomba uwe makini sana kwa sababu ndipo hela inapopotea. Dukani nilionyeshwa moja mpya, boksi limeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Niliomba nisome stika ya ubavuni kabla ya kulipa. Kwenye jedwali, mstari wa +12V uliandikwa 16A. Zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Prosesa na kadi, ambavyo ndivyo vinavyokula, vyote vinakula kwenye laini ya volti 12. Kwangu vinahitaji 204 hata kabla ya feni. Ile 500 ya kwenye boksi ilikuwa imejumlishwa na laini za volti 3.3 na 5 ambazo kadi ya grafiki karibu haizigusi. Niliirudisha kwenye rafu. Nyingine ikawa ya mtumba, nzito mkononi, stika yake inasema +12V 34A, yaani wati 408, na ina waya wa kadi wa pini 6+2. Nikaichukua hiyo.

Jambo la kufahamu kabla hujanunua: 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi. Ni ile ya pini 8 ya Dell. Pawasaplai ya kawaida inakaa kwenye kesi ya MT na skrubu zinalingana, ila utahitaji kiunganishi cha pini 24 kwenda pini 8 kinachotajwa kuwa cha OptiPlex 3020, 7020 na 9020. Usichukue cha HP kwa kuwa vinafanana kwa macho. Kama huna hakika mashine yako ni ipi, fungua Command Prompt uandike:

```
powershell -Command "(Get-CimInstance Win32_ComputerSystem).Model"
```

Kama ni ile nyembamba ya SFF, achana na mpango huu, kadi yenyewe haitaingia kwa urefu wake.

Wakati wa kuunganisha kuna kosa moja linaloua kadi papo hapo. Waya wa prosesa wa pini 8 na waya wa kadi wa pini 8 vinafanana, lakini njano na nyeusi vimepangwa kinyume. Wa prosesa unagawanyika 4+4 na una njano 4, nyeusi 4. Wa kadi unagawanyika 6+2. Ukiulazimisha wa prosesa kwenye kadi unagonganisha volti 12 na nyeusi moja kwa moja. Pawasaplai nyingi nzuri zina waya zote nyeusi, kwa hiyo soma maandishi kwenye plagi yenyewe: PCI-E au CPU. Ikihitaji nguvu ya bega kuingia, siyo yake. Kwa GTX 1060 yenye pini 6, zile pini 2 za nyongeza ziache zining'inie.

Ukisahau kuunganisha waya huo, kadi nyingi za NVIDIA zinakuandikia kwenye skrini PLEASE POWER DOWN AND CONNECT THE PCIe POWER CABLE(S) FOR THIS GRAPHICS CARD. Hapo hujaharibu kitu, zima tu uchomeke.

Ikishawaka, usiishie kwenye dirisha la Windows, maana hapo kadi imelala. Washa gemu nzito kwa nusu saa na pembeni uache hii ikikimbia:

```
nvidia-smi --query-gpu=power.draw,temperature.gpu --format=csv -l 2
```

Itakuonyesha wati na joto kila sekunde 2. Kwangu ilicheza kati ya 105 na 120. Ukimaliza zima kabisa, chomoa ukutani, halafu gusa ile plagi ya pini 6. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa kidole, kuna pini haijakaa. Kompyuta ikijizima ghafla gemu inapoanza kuwa nzito, nenda Event Viewer ukatafute Kernel-Power 41. Yenyewe haisemi mwenye kosa ni nani, inasema tu umeme ulikatika bila taratibu. Ila kama inatokea kwenye gemu peke yake na joto la kadi liko chini ya 80, mimi ningeanza kushuku pawasaplai.

Sasa kwa hali yako. Ukijumlisha bei ya GTX 1060, pawasaplai ya maana na kile kiunganishi, je, bado ni bei nzuri? Kama ndiyo, endelea kwa njia niliyokueleza, na kabla ya kulipa angalia tundu la pini 6 kwenye hiyo kadi kwa tochi ya simu: plastiki ya kahawia au pini iliyofifia rangi ina maana kuna mwenzetu aliyeshawahi kuitumia kwa adapta kama yangu.

Kama bajeti haifiki, tafuta GTX 1050 Ti. Ni wati 75, inakula kwenye sloti peke yake. Hesabu inashuka hadi karibu 199 na ile 290W ya Dell inabeba. Niliitumia hivyo miezi minane kwenye kompyuta ya mdogo wangu, ya aina hiihii, haikuwahi kujizima. Lakini geuza kadi uangalie ukingo wa juu kabla hujatoa hela, kwa sababu baadhi ya matoleo ya 1050 Ti yamewekwa tundu la pini 6, na GTX 1650 ndiyo usiseme. Unataka kadi isiyo na tundu kabisa.

Ukienda dukani piga picha stika ya pawasaplai na ukingo wa kadi, uziweke hapa, nitazisoma kabla hujalipa.