Neno limevurugwa? Hesabu irabu kwanza

Napenda mafumbo ya herufi zilizovurugwa, na nimeona wengi wakihangaika kwa sababu wanazihamisha herufi mojamoja. Kiswahili hakitaki hivyo. Chukua D, T, A, K, N, I, A. Herufi saba zenye A mbili zinaweza kupangwa kwa njia 2,520, lakini karibu zote ulimi unazikataa papo hapo.

Hesabu irabu. Ziko tatu, basi neno lina silabi tatu, na mwisho wake bila shaka ni irabu. Konsonanti ziko nne, kwa hiyo moja haina irabu yake, na lazima ipande mgongoni mwa mwenzake. Kati ya hizi, anayezoea kutangulia wengine ni N, na jirani yake wa kawaida ni D. NT na NK zipo, ila zaidi katika maneno ya mkopo kama senti na benki. Ziache mpaka njia nyingine zishindikane.

Sasa una K, T na ND, pamoja na A, A, I. Mipangilio iliyobaki ni 18 tu. TAKANDI na KANDITA zinatamkika vizuri, ila hazina maana. Jaribu KI mwanzoni, kiambishi cha nomino nyingi: KITANDA. Wengi huishia hapo. Mimi hujaribu pia -IKA mwishoni, kwa kuwa vitenzi vingi huishia hivyo, na hapo inatoka TANDIKA. Si bahati tu: yote mawili yamejengwa juu ya TAND-.

Hapo ndipo uhaba wa majibu unapotokea. Silabi zinabana mpangilio, halafu viambishi vinabana mwanzo na mwisho. Neno likirefuka, kupata hata majibu mawili ni bahati.

Maneno mafupi ni habari nyingine. A, I, L, M zina mipangilio 24, na minne tu ndiyo yenye umbo la konsonanti-irabu mara mbili: LAMI, LIMA, MALI, MILA. Yote ni maneno! Kisha linachomoza IMLA, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo halijali umbo hilo.

Angalia M pia. Katika A, E, K, M, T, irabu ni mbili na konsonanti tatu, lakini M haiungani na K wala T kama inavyoungana na B katika MBUZI. Basi inasimama kama silabi peke yake, kwa kawaida mwanzoni: MKATE. Ukihesabu irabu pekee utadhani ni silabi mbili, kumbe ni tatu.

Ukitunga fumbo mwenyewe, sema mapema kama vitenzi vilivyonyambuliwa na kuambishwa vinaruhusiwa. Ukiviruhusu, ANATAKA na ANAKATA vina herufi zilezile, na mabishano hayataisha.