Ahadi tatu zilizogombana kwenye ombi langu la maadili

Ombi langu la kwanza kwa kamati ya maadili ya utafiti lilirudi na maoni saba. Sita niliyamaliza jioni moja. La saba lilikuwa sentensi moja tu, nikakaa nalo wiki mbili: "Mwombaji aeleze atamtoaje kwenye utafiti mtoto ambaye yeye mwenyewe hamjui ni yupi."

Nililisoma mara tatu kabla sijaona nilichofanya. Kwenye sehemu ya ridhaa nilikuwa nimeandika kwamba mtoto anaweza kujitoa wakati wowote. Kwenye sehemu ya utambulisho niliandika kwamba hakuna mtoto atakayejulikana, hata na mimi. Kwenye sehemu ya kuhifadhi data niliandika kwamba matokeo ya jaribio la kwanza yataoanishwa na ya pili. Kila sentensi niliiokota kwenye ombi la mtu aliyenitangulia, na kila moja peke yake ilipendeza. Zikiwekwa pamoja haziwezekani. Kama sijui karatasi ipi ni ya nani, siwezi kuoanisha majaribio mawili, wala siwezi kuitafuta karatasi ya mtoto anayetaka kutoka.

Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo. Wanafunzi 46 wa miaka 10 na 11, wa darasa moja, wangefanya jaribio la kusoma, wasome wawili wawili kwa sauti kwa wiki 10, kisha wafanye jaribio la pili. Baada ya hapo ningehojiana na wanane kati yao. Nataka nieleze nilivyoliandika upya ombi hilo, kwa sababu njia niliyoishia kuitumia ndiyo ninayoitumia hadi leo: nachukua karatasi ya mtoto mmoja na kuifuata, kuanzia mkononi mwake hadi siku inapoharibiwa, nikijiuliza kila hatua nani ameishika na jina liko wapi.

Karatasi ya jaribio ilianza na jina juu, maana watoto wa umri huo ukiwapa namba wakumbuke kwa wiki 10, nusu watakuja na namba ya jirani. Kwa hiyo juu ya karatasi niliweka ukanda wa kuandikia jina, na chini ya ukanda namba, tuseme 31. Siku hiyo hiyo, kabla ya kusahihisha, niliingiza jina na namba kwenye orodha moja, kisha nikaukata ukanda. Kuanzia hapo karatasi ni 31 tu, na orodha ndiyo ufunguo pekee unaorudisha 31 kwa mwenye jina.

Maana yake ni kwamba sikuwa na haki ya kuandika neno "hatajulikana". Kutojulikana ni pale ambapo hakuna mtu yeyote, mtafiti akiwemo, anayeweza kurudi kwa mhusika. Nilichokuwa nacho mimi ni usiri: najua, na nimeahidi kutosema. Wanakamati wanaitafuta tofauti hiyo kabla ya jambo lingine lolote, na ni afadhali uikiri mwenyewe. Niliandika hivi: "Majina yatabadilishwa kuwa namba. Orodha inayounganisha majina na namba itakuwa kwa mtafiti peke yake na itaharibiwa wiki mbili baada ya mahojiano ya mwisho. Kabla ya tarehe hiyo mtoto au mzazi anaweza kuomba data zake ziondolewe. Baada ya hapo haitawezekana, kwa kuwa hata mtafiti hatajua zipi ni za nani." Ahadi tatu zikaacha kugombana. Tarehe yenyewe, siku na mwezi, iliingia kwenye barua ya mzazi. Ukimwambia mzazi "wiki mbili baada ya mahojiano ya mwisho", hana namna ya kujua mahojiano ya mwisho ni lini.

Ridhaa ilinichukua muda mrefu zaidi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakubali, nami nilidhani kazi imeisha. Ruhusa yake hufungua geti tu. Haisemi chochote kwa niaba ya mzazi, na ya mzazi haimfungi mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unataka maoni ya mtoto yasikilizwe katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake. Kwa hiyo mzazi anatoa ridhaa, mtoto anatoa ukubali wake, na mmoja wao akikataa, basi.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi huijaribu: kutuma barua inayosema "usipojibu, tutahesabu umekubali". Niliijaribu. Kamati ikaniuliza nitajuaje kama barua ilifika nyumbani au imebaki chini ya begi. Sikuwa na jibu, nikahamia kwenye fomu inayorudishwa na saini.

Hapo likazuka jambo ambalo sikulitarajia. Fomu zingerudi kupitia kwa mwalimu wa darasa, na mwalimu angejua nani amekataa. Ni mwalimu yule yule anayetoa alama na kuandika ripoti. Mzazi mwenye akili analiona hilo, anasaini ili amani iwepo. Tulitatua kwa bahasha: kila mtoto anarudisha bahasha iliyogundishwa, aliyekubali na aliyekataa sawa, na bahasha zinafunguliwa na mimi.

Halafu, waliokataa watakuwa wapi wakati wengine wanasoma? Kuwapeleka nje ya darasa ni kuwaonyesha kidole. Ilibidi nitenganishe vitu viwili nilivyokuwa nimevichanganya: shughuli na data. Kusoma wawili wawili kulikuwa kipindi cha kawaida cha mwalimu kwa watoto wote 46. Nilichokuwa naomba ni kutumia alama zao tu, na kwa wanane, kuzungumza nao. Asiyekubali anasoma kama wenzake, na alama zake sizitumii. Kwa sababu hiyo hiyo niliacha mpango wa kurekodi sauti za jozi zikisoma, nao nilikuwa nimeupenda. Mtoto aliyekataa angekuwa amekaa pembeni ya aliyekubali, na sauti yake ingeingia kwenye kinasa bila ridhaa ya mtu.

Fomu ya mtoto niliipamba kwa vikatuni viwili, uso unaotabasamu kwa "ndiyo" na uso wenye huzuni kwa "hapana". Nilijiona mbunifu. Mwanakamati mmoja aliandika pembeni kwamba hakuna mtoto anayetaka kupaka rangi uso wenye huzuni mbele ya mgeni. Kweli tupu. Nilibakiza visanduku viwili vya ukubwa mmoja na maneno haya, ambayo nilisoma kwa sauti darasani: "Nataka kujua watoto wanajifunzaje kusoma. Ukikubali, nitatazama karatasi zako mbili. Ukikataa, hakuna atakayekukasirikia, na alama zako za shule hazitabadilika. Unaweza kubadilisha mawazo. Niambie mimi, au mwambie mzazi wako aniambie."

Kwa wale wanane niliongeza sentensi moja ambayo wengi huisahau, na bila hiyo ahadi ya usiri ni ya uongo: "Utakayoniambia sitamwambia mtu, ila nikisikia kwamba wewe au mtoto mwingine anaumizwa, itabidi nimwambie mtu mzima anayeweza kusaidia, na nitakuambia wewe kwanza." Kwenye ombi lazima useme mtu huyo mzima ni nani kwa cheo. "Mamlaka husika" haitoshi. Kamati inataka kujua siku hiyo utabisha hodi mlango gani.

Na saini ya mtoto haikai milele. Kwenye mahojiano niliuliza tena kabla ya kuwasha kinasa, na niliandika kwenye ombi dalili zitakazonifanya nisimame: majibu ya "sijui" yanayofuatana, macho mlangoni, kimya. Msichana mmoja alianza kuzungusha kifungo cha shati kwenye swali la tatu. Nikafunga daftari, nikamshukuru, akarudi kwa wenzake akikimbia.

Kuhusu majina ya bandia, nina onyo dogo. Niliwaacha watoto wajichagulie, nikidhani nawapa heshima. Kufika mapumziko darasa zima lilijua nani ni Simba na nani ni Rubani. Chagua mwenyewe, na usiwaambie.

Jina bandia halifichi maneno pia. Mtoto aliposema "pacha wangu husoma haraka kuliko mimi", darasa lenye mapacha wa jozi moja limeshamjua. Niliandika "ndugu yangu". Kwenye jedwali nilikuwa na kisanduku cha wasichana waliorudia darasa, na ndani yake palikuwa na mtu mmoja. Yeyote wa shule ile angesoma alama yake kama amesoma ripoti ya nyumbani. Nilijiwekea sheria ya kutochapisha kundi lenye watoto chini ya watano. Naliunganisha na jingine au naliacha. Tena usije ukafanya yote hayo kisha ukaishukuru shule kwa jina kwenye ukurasa wa shukrani. Nimeshaona.

Sehemu ya kuhifadhi data watu huandika "zitahifadhiwa mahali salama" na kupita. Kila kitu kina umri wake na mahali pake. Fomu za ridhaa zina majina, kwa hiyo hukaa kabati moja, na karatasi za majaribio kabati jingine. Usiandike namba kwenye fomu ya ridhaa, maana hapo umetengeneza orodha ya pili bila kujua. Orodha ya ufunguo ilikuwa faili moja lenye nywila, kwenye kompyuta tofauti na ile yenye alama. Sauti zilifutwa mara tu maandishi yake yalipohakikiwa, kwani sauti ya mtoto ni utambulisho hata akiitwa 31. Jedwali lisilo na majina ndilo lililobaki kwa miaka ambayo chuo kinaidai. Na usirekodi kwa simu yako ya kila siku kabla hujazima huduma ya kunakili mafaili mtandaoni yenyewe, la sivyo sauti itakuwa imeshafika kwenye seva ya kampuni fulani kabla hujafika nyumbani.

Siku nne kabla ya tarehe ya mwisho, mama mmoja alipiga simu. Hakutoa sababu na sikuuliza. Nilifungua orodha, nikampata mwanawe, namba 31, nikatoa karatasi mbili, nikafuta mstari kwenye jedwali na faili la mahojiano. Ilinichukua chini ya nusu saa. Kesho yake, nikiandaa kinasa kwa kazi nyingine, nikaisikia sauti ya 31. Nilikuwa nimefuta nakala ya kompyuta, na kwenye ombi sikuwa nimeitaja kadi ya kinasa popote. Niliifuta, nikampigia mama kumweleza, kisha nikaiandikia kamati kuomba marekebisho: sauti zifutwe kwenye kadi siku ile ile zinapohamishiwa kwenye kompyuta.