Usafiri bure au mteja alipe nauli? Nilivyopata jibu kwenye daftari la mashuka

Nauza mashuka Sinza, Dar es Salaam. Wateja wengi wananipata WhatsApp. Seti moja nilikuwa nauza 35,000, na nilipoona wenzangu wanaandika "usafiri bure" nami nikaandika. Nikaongeza 5,000 kwa kukisia, bei ikawa 40,000 popote ulipo.

Mwisho wa mwezi nilikaa na daftari. Oda zilikuwa 40. Za jirani, yaani Mwenge, Kijitonyama na Mabibo, zilikuwa 16, boda 4,000 kila moja. Za Tabata na Tegeta zilikuwa 8, kwa 6,000. Chanika na Kigamboni 4, kwa 9,000. Za mikoani 12, na kila mzigo ulinila kama 11,000: boda hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi 5,000, basi 6,000. Jumla 280,000. Gawanya kwa 40, unapata 7,000 kwa kila oda. Mimi nilikuwa nimeongeza 5,000 tu, kwa hiyo 80,000 ilitoka kwenye faida yangu.

Nikaona dawa ni kupandisha nyongeza hadi 7,000. Hapo ndipo nilipokosea zaidi, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Bei ya 42,000 ilikuwa nafuu kwa mtu wa Mwanza na ghali kwa mtu wa Mwenge. Wa Mwenge akiulizia duka jingine anakuta 35,000, boda yake ni 4,000, basi anaondoka. Mwezi uliofuata oda za jirani zilishuka kutoka 16 hadi 5. Za mikoani zikapanda hadi 13. Wastani wa usafiri ukapita 8,000, kwa hiyo hata ile 7,000 haikutosha tena. Ningepandisha tena, wa karibu waliobaki nao wangekimbia. Wastani haukai palepale: ukiuweka kwenye bei, unabadilisha nani atanunua. Dalili yake ni rahisi kuiona. Wateja wa jirani wanaanza kuuliza, "Dada, nikija mwenyewe ni shilingi ngapi?"

Kuna na mama mmoja aliyetaka seti tatu. Akanipigia hesabu kwa upole: "Mwanangu, mfuko ni mmoja, boda ni mmoja, mbona nalipa usafiri mara tatu?" Alikuwa sahihi. Nilikuwa namtoza 21,000 kwa safari ya 4,000.

Sasa nafanya hivi. Kwa Dar, ukiondoa Chanika na Kigamboni, oda 24 za mwezi ule wa kwanza zilikula 112,000, wastani kama 4,700. Tofauti kati ya 4,000 na 6,000 ni ndogo, mteja wa jirani haumii sana akimbebea wa Tabata. Hapo naweka usafiri ndani ya bei: 40,000 hadi mlangoni. Ukija kuchukua mwenyewe ni 35,000, na nimeiandika wazi. Seti ya pili na ya tatu katika mfuko huohuo ni 35,000 kila moja. Wa Chanika na Kigamboni anaongeza 4,000.

Mikoani bei ni 35,000 na nauli halisi juu yake, inalipwa kabla mzigo haujatoka. Zamani, mteja akikataa mzigo stendi ya kwao, nauli ya kwenda na ya kurudi ilikuwa yangu. Siku hizi aliyekwisha kulipa nauli anaenda kuuchukua.

Tatizo la nauli halisi ni kwamba mteja anahisi unajiongezea. Usimtajie nauli mwisho, akiwa ameshakubali bei, maana hapo ndipo wengi wanaponyamaza, nawe unabaki kuona alama mbili za buluu tu. Mimi naitaja kwenye ujumbe wa kwanza, nikitenganisha boda na basi, na mzigo ukishapakiwa natuma picha ya risiti ya basi. Na sijiongezei hata mia.

Kilichonisaidia zaidi ni kukusanya mizigo. Natuma mikoani Jumanne na Ijumaa tu. Mizigo minne ikienda Mbezi na boda mmoja, ile 5,000 inagawanyika, kila mmoja analipa 1,250. Nauli inashuka kutoka 11,000 hadi 7,250. Mwenye haraka anatumiwa siku hiyohiyo kwa nauli kamili, na anachagua mwenyewe.

Hizi namba ni zangu, za Sinza. Chukua oda zako 30 au 40 za mwisho, andika mtaa na nauli uliyolipa kweli, kisha tazama ya chini na ya juu kabla hujatafuta wastani. Ya juu ikiwa zaidi ya mara mbili ya ya chini, usiziweke kwenye bei moja. Na kila EWURA wanapotangaza bei mpya za mafuta, namuuliza boda wangu kama nauli imebadilika, nirekebishe tangazo kabla ya oda ya kwanza kuingia.