Storibodi ya nyama ya Idi

"Nitaonyeshaje watu wakipokea nyama ya udhia hapa Kampala bila kuwadhalilisha?"

Ndugu, foleni iache kabisa. Fremu tatu za mwanzo ziwe za kazi: kisu kinanolewa, vijana wanakata nyama, mizani inapima mafungu sawa. Fremu ya nne ndiyo ngumu. Weka kamera nyuma ya bega la mpokeaji, usawa wa kiuno, ionekane mikono miwili na mfuko tu. Ukipiga picha kutoka juu, anaonekana mdogo.

Ruhusa omba baada ya kugawa. Anayesubiri fungu hawezi kukukatalia. Akikubali, fremu ya mwisho mpige picha jikoni kwake akipakulia wageni. Watoto wa shule wenye sare usiwapige picha, beji huwatambulisha.