Baba mdogo hakuwa mvivu, saa ya laptopu ndo ilikuwa Marekani

Swali la wiki: "Je, kitufe cha kuahirisha ujumbe kinatusaidia kazini au kinatulea uvivu?"

Hilo neno uvivu ndo limenifanya niandike. Kuna mtu namheshimu sana, baba yangu mdogo, ameitwa mvivu na mteja mbele ya vijana wake wa dukani kwa sababu ya kitufe hichohicho, na mpaka leo naona hakutendewa haki, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Baba mdogo ana duka la kuchapa Kariakoo, vitabu vya risiti, kalenda, kadi za harusi, mihuri, vitu kama hivyo. Ni mtu wa utaratibu, kila oda inaandikwa kwenye daftari kubwa na tarehe ya kuchukua inapigiwa mstari mwekundu. Mwaka ule akaanza kupata wateja wa imeili, akanunua laptopu ya mtumba, zile zinazoingia na kontena kutoka nje, nzuri tu na inafanya kazi.

Sasa ilikuwa mwezi wa saba, Alhamisi saa nne asubuhi, shule moja ikamtumia imeili inataka kwotesheni ya daftari zenye nembo ya shule, mwisho wa kupokea kesho yake Ijumaa saa sita mchana. Bei ya karatasi ilikuwa haijatulia, muuzaji wa jumla kamwambia nipigie kesho asubuhi nikupe bei mpya. Mtu makini hapo anafanyaje? Akabonyeza `Snooze`, akachagua kesho, `8:00 AM`, ujumbe ukaondoka mbele ya macho ili Ijumaa saa mbili asubuhi urudi juu kabisa ya inboksi, saa tatu apige simu ya bei, saa tano kwotesheni iwe imeenda. Mpango hauna kasoro hata moja. Ijumaa ikafika, dukani kumejaa watu wa kadi za harusi, baadaye akaenda msikitini, akarudi, ujumbe kimya. Umekuja kurudi saa kumi na mbili jioni, vijana wanashusha mageti.

Jumatatu yule mteja akaja mwenyewe kuchukua kazi nyingine ya zamani, akasema maneno. Kwamba nyie watu wa Kariakoo mkipewa kazi mnaiweka kiporo, kwamba uvivu. Baba mdogo hakujibu. Mimi nilipopita jioni, shikamoo, marahaba, kanivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, niliweka. Niliweka kwa mkono wangu, saa mbili asubuhi." Nikamwamini palepale, maana huyu mzee akisema kaweka, kaweka.

Watu wa dukani walishakuwa na majibu yao. Wa kwanza akasema bando lilikata. Hapana, na hili watu wengi wanalikosea: kazi ya kuurudisha ujumbe haifanywi na laptopu yako, inafanywa na seva ya barua pepe huko iliko, hata ukiwa umezima kila kitu. Bando likikata wewe unachelewa kuuona tu, ukiunganisha unaukuta umesharudi toka saa yake. Na siku ile mtandao wa dukani ulikuwepo kutwa nzima, imeili nyingine zilikuwa zinaingia.

Wa pili akasema mzee kachanganya saa zetu na saa za kwenye skrini. Hilo kweli linatokea, mtu anataka saa nne asubuhi anachagua `4:00 AM`, ujumbe unarudi usiku wa manane. Ila hapo tofauti inakuwa masaa sita kamili, na huyu alichelewa masaa kumi. Kwa hiyo sio hiyo. Mimi nawaambia, ujumbe ukirudi saa mbovu kitu cha kwanza hesabu umepishana masaa mangapi, maana hiyo namba ndo inakwambia tatizo liko wapi.

Kilichonifungua macho ni kitu baba mdogo alichosema kama utani wa kuwasifia wateja, kwamba hawa watu wa shule hawalali, wanatuma imeili saa sita usiku. Nikaangalia. Ile imeili ya kwotesheni, ambayo iliingia saa nne na dakika saba asubuhi mbele ya macho yake, kwenye laptopu imeandikwa `12:07 AM`. Nikaifungua imeili hiyohiyo kwenye simu yake: `10:07 AM`. Nyingine ambazo ziliingia dukani saa mbili asubuhi, laptopu ilikuwa inazionyesha kama za jana yake usiku. Halafu saa ya laptopu chini kulia kwenye kona iko sawasawa na saa ya ukutani, hakuna dakika iliyopotea! Hapo ndo watu wote wanapopotea, wanaangalia kona, wanaona saa iko sawa, wanafunga mjadala.

Nikafungua ile dirisha nyeusi ya amri nikaandika:

```
tzutil /g
```

Ikajibu `Pacific Standard Time`. Yani taimu zoni ya California.

Kilichotokea ni hivi. Laptopu ilitoka huko ikiwa na taimu zoni ya huko. Siku ya kununua, saa ilikuwa inasoma usiku wakati huku ni mchana, kijana wa duka la laptopu akazima saa ya kujipanga yenyewe akaivuta saa kwa mkono mpaka ikalingana na ya kwake. Kwa macho imepona. Ila taimu zoni hakuigusa, kwa hiyo kompyuta bado inaamini iko California, ni kama kubadilisha bango la daladala likasoma Mbagala wakati dereva bado anakwenda Tegeta.

Sasa programu nyingi za barua pepe ukiahirisha ujumbe hazihifadhi maneno "kesho saa mbili asubuhi". Zinaigeuza hiyo saa kwenda kwenye saa ya pamoja ya dunia nzima, ile UTC, na kinachopelekwa kwa seva ni hiyo. Huku kwetu tuko UTC+3 mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili asubuhi ya Dar ilitakiwa ipelekwe kama 05:00 UTC. Lakini mwezi wa saba California wako UTC-7, kompyuta ikachukua 8:00 ikajumlisha saba, ikapeleka 15:00 UTC. Seva nayo mwaminifu, ikangoja mpaka 15:00 UTC, ambayo huku ni saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyechelewa hapo, kila mmoja kafanya alichoambiwa.

Na ingekuwa Desemba ingerudi saa moja usiku, kwa sababu wenzetu wale wanarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba na kuisogeza mbele tena Jumapili ya pili ya Machi, sisi hatubadilishi. Ndo maana mtu anaweza kukwambia mbona zamani ilikuwa inachelewa kumi sasa inachelewa kumi na moja, akadhani imeharibika zaidi. Laptopu iliyopangwa saa za Dubai, UTC+4, inakurudishia ujumbe lisaa limoja kabla, hiyo hata hulalamiki. Ya London inachelewa masaa matatu, wakati wao wa kiangazi mawili.

Kuna kitu kingine kilichoniuma kuliko vyote. Ukiahirisha, ujumbe unakaa kwenye folda ya `Snoozed` na saa yake ya kurudi imeandikwa pembeni. Mtu makini angesema ngoja nihakikishe, akaenda kule kuangalia. Angekuta imeandikwa `8:00 AM`! Kwa sababu kompyuta inaichukua ile 15:00 UTC inaigeuza tena kwa saa za California, inarudi palepale. Kosa linajithibitisha lenyewe. Njia ya kulikamata ni kufungua folda hiyohiyo kwenye simu, maana simu kwa kawaida inachukua taimu zoni kutoka kwenye mtandao wa laini, na kwenye simu ya baba mdogo oda nyingine aliyoahirisha ilikuwa inasoma `6:00 PM`. Laptopu inasema hivi, simu inasema vile, basi umeshapata jibu.

Kutengeneza: kwenye Windows nenda `Settings`, `Time & language`, `Date & time`. Kwenye orodha ya `Time zone` msitafute Dar es Salaam, haipo, chagueni `(UTC+03:00) Nairobi`, ni saa ileile. Sasa hapa msiogope, kama saa ilivutwa kwa mkono, ukichagua Nairobi itaruka masaa kumi mbele, saa nne asubuhi inakuwa saa mbili usiku, na wengi wakiona hivyo wanasema nimeharibu wanarudisha kama ilivyokuwa. Usirudishe. Washa `Set time automatically` halafu bonyeza `Sync now`, inakaa sawa. Ila zile ulizoahirisha mwanzo hazijirekebishi, seva bado inashika saa ya zamani, itabidi uingie `Snoozed` uzipange upya moja moja. Na zipo programu zinazofuata taimu zoni iliyoandikwa ndani ya akaunti yenyewe badala ya ya kompyuta, kwa hizo angalia mipangilio ya akaunti au ya kalenda.

Sasa jibu lenyewe. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kitufe hakina kosa kabisa na asisemwe mtu mvivu. La mtu nabaki nalo. La kitufe, kadiri nilivyokuwa naandika nimezidi kuona kina kosa lake: kinakuandikia `8:00 AM` hakikwambii ya wapi, kinauficha ujumbe wenye hela ndani yake, na ukienda kuuliza kinakuhakikishia kwamba kila kitu kiko sawa. Kingeandika pembeni tu "saa za Nairobi" au "saa za California" baba mdogo angeona siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi, kitu chenye mwisho wa kupokea sikiahirishi, kinakaa inboksi nikione na alamu naweka kwenye simu. Vya kawaida, matangazo, salamu, bili ambayo bado wiki nzima, ahirisheni tu. Baba mdogo yeye hakubaliani na mimi, anasema laptopu imeshatengenezwa ataendelea kuahirisha kila kitu, na toka tuweke Nairobi zinarudi saa mbili asubuhi kweli. Ila ile kazi ya daftari ilishakwenda kwa mtu mwingine.