Lifute neno "ukihitaji chochote" kabla hujautuma ujumbe huo

"Habari wadau. Rafiki yangu alihamishiwa Dodoma kikazi miezi miwili iliyopita, na kila tukizungumza ananiambia kwamba hana mtu. Nimeandika ujumbe wa kumtia moyo: ajichanganye, atazoea, na akihitaji chochote asisite kuniambia. Je, ujumbe wa namna hiyo uwe mrefu au mfupi? Na nimshauri aombe uhamisho wa kurudi Dar es Salaam, au avumilie?"

Usiutume. Ujumbe huo niliwahi kuutuma mimi mwaka 2022, karibu neno kwa neno, kwa rafiki yangu aliyehamia Dodoma hiyo hiyo, na mpaka leo nikiuona kwenye simu yangu natamani kuificha simu chini ya mto. Ulikuwa na aya tano. Niliuandika usiku, nikausoma mara mbili, nikajiona nimemaliza kazi. Aya ya mwisho ilisema: "Ukihitaji chochote, saa yoyote, usisite kuniambia." Yeye akajibu: "Asante mpenzi, nimekuelewa." Nikalala usingizi mzuri sana, usingizi wa mtu mjinga.

Kilichoniponza zaidi si ujumbe peke yake, ni ushauri niliopewa siku chache baadaye. Nilihudhuria semina ya bwana mmoja anayejiita mshauri wa maisha, tukalipa kiingilio na tukapewa soda moja moja, naye akatuambia kwamba mtu mpweke akizoeshwa kupigiwa simu anachelewa kuuzoea mji, kwa hiyo dawa ni kumwacha akomae. Alisema kwa sauti nzito na alikuwa amevaa koti siku ya joto la Dar es Salaam, basi nikaona anajua. Nikaacha kumpigia rafiki yangu. Nilisubiri aniambie atakapohitaji, kwa kuwa si nilikwisha kumwambia aniambie? Bwana yule nikikutana naye leo nitamdai kiingilio changu, na soda nitamrudishia.

Miezi mitano ikapita. Nilipokuwa nikimtumia salamu alijibu "niko poa", kisha "poa", kisha kidole gumba. Wakati ule nilidhani majibu yanafupika kwa sababu amepata watu na hana muda. Sasa najua kwamba majibu yanayofupika kwa mtu aliyekuwa akikulalamikia si dalili ya nafuu; ni dalili kwamba ameacha kulalamika kwako. Aliyepata watu huja na habari zao: jirani amefanya hivi, mama wa duka amesema vile. Asiyekuwa na jina hata moja la mtu katika mazungumzo yake bado yuko peke yake, hata akisema yuko poa mara kumi.

Siku moja mama yake alinipigia na kuniuliza: "Mwanangu, hata wewe hukujua?" Rafiki yangu alikuwa ameugua malaria, akalala chumbani kwake Nkuhungu tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu, bila chakula cha maana, na kuta mbili tu zikimtenganisha na wapangaji ambao hawakuwahi kulijua jina lake. Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyemfuata Jumatatu baada ya kuona hakufika ofisini. Mimi, rafiki wa saa yoyote, nilipata habari wiki mbili baadaye.

Alipopona nilikwenda kumwona, na ndipo aliponieleza jambo ambalo nakuomba ulisome polepole. Alisema kwamba kila Jumamosi alikuwa akipanda daladala mpaka stendi kuu ya mabasi ya Nzuguni, ananunua chai, anakaa kwenye benchi akitazama watu wanaopakia mizigo kwenda Dar es Salaam, kisha mabasi yakiisha kuondoka anarudi nyumbani. Hakuwa akisafiri. Alikuwa anataka kukaa mahali ambapo watu wanaitana majina. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, nilikwisha kumwambia aniambie. Akanitazama akasema: "Ulisema chochote. Chochote ni nini? Ningekuandikia kwamba nahitaji mtu wa kula naye wali Jumamosi?" Alikuwa ameandika na kufuta mara nyingi. Mtu mzima, mwenye mshahara na kitambulisho cha kazi shingoni, anaona aibu kuomba kitu kidogo kiasi hicho, na mimi nilimwachia kazi yote ya kuomba, kisha nikaiita msaada.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha: ujumbe kwa mtu mpweke usiwe na neno "ukihitaji", uwe na siku, uwe na saa, na uwe na jambo ambalo wewe mwenyewe utalifanya, yeye akijibu au asijibu.

Siku nayo ina maana yake, hasa kwa Dodoma. Kuna watumishi wengi waliohamia huko kikazi huku familia zao zikibaki Dar es Salaam, na Ijumaa jioni wanaondoka kuzifuata, zaidi tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 na kuifanya safari kuwa ya saa nne hivi. Kwa hiyo rafiki yako Jumatatu hadi Ijumaa amezungukwa na watu wanaomsalimia, anacheka nao kantini, kisha Ijumaa saa kumi na moja ofisi inamwagika na yeye anabaki na upepo na vumbi. Ukimpigia Jumanne mchana utamkuta mchangamfu na utadanganyika. Upweke wake unakaa Jumamosi jioni na Jumapili, basi huko ndiko unakotakiwa kuwepo.

Ujumbe niliomwandikia baada ya mkasa ule ulikuwa huu, nauweka wote kwa kuwa ni mfupi: "Shosti, Jumamosi saa kumi jioni nakupigia. Nitakuwa napika, weka simu pembeni na wewe upike, hatuna lazima ya kuwa na la kusema. Usiponipokea nitapiga tena saa moja usiku." Basi. Sikumwambia avumilie wala ajichanganye. Jumamosi ya kwanza tulizungumza dakika kumi na kunyamaza dakika thelathini, nikisikia anakatakata kitunguu. Jumamosi ya tatu alinikumbusha yeye kwamba nimechelewa kupiga kwa dakika tano, na kwa kweli sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Neno "atazoea" nalo lifute, kwa sababu linamfanya ajione mgonjwa asipozoea upesi. Profesa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani alichapisha utafiti mwaka 2018, miongoni mwa waliohojiwa wakiwa watu wazima waliohama mji karibuni, akakadiria kwamba mtu unayefahamiana naye tu anahitaji kama saa 50 za kuwa pamoja nawe ili awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Wamarekani si sisi, lakini piga hesabu uone. Mtu anayempata mwenzake wa kukaa naye saa tatu kila Jumamosi atazifikia saa 50 baada ya wiki 17, yaani miezi minne, na zile 200 zitampeleka zaidi ya mwaka. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuonekana kuleta ukaribu kama saa za kupumzika pamoja. Rafiki yako ana miezi miwili, tena Jumamosi zake ni tupu. Hajachelewa chochote, hesabu yake haijaanza.

Kuianzisha hesabu hiyo ndiyo kazi ya pili ya ujumbe, na hapa nilijikwaa tena kidogo. Kwanza nilimwunganisha kwenye kundi la simu la watu wa kwetu walioko Dodoma. Ndani ya wiki moja alikuwa amechangia harusi mbili na msiba mmoja, na hakuna aliyemwuliza anaishi mtaa gani. Makundi yana kazi yake, lakini mtu mgeni humo ni jina jipya katika orodha ya michango.

Kilichofaa kilikuwa mzigo. Nina mamkubwa wangu, mwalimu mstaafu anayeishi Ipagala. Nilimpigia kwanza yeye, nikamweleza ukweli wote na kumwuliza kama yuko radhi, maana ukimpa mtu namba ya mwenzake bila kuwauliza wote wawili utapata salamu za adabu na ukimya. Aliporidhia, nikanunua nazi kumi na samaki wa kukaanga, nikavifunga kwenye kiroba kimoja na kuvituma kwa basi kwa jina la mamkubwa. Kisha nikamwandikia rafiki yangu: "Nimetuma nazi na samaki kwa mamkubwa Ipagala, nusu ni zako. Anakusubiri kesho Jumapili baada ya saa nane. Nenda na chombo, na umsaidie kukuna, mkono wake unamsumbua." Angalia vizuri kilichomo: sikumtuma kwenda kutafuta rafiki, nilimtuma kwenda kuchukua samaki. Aibu yote iliondoka, kwa kuwa alikwenda kama mtu mwenye shughuli, tena mwenye msaada wa kutoa. Akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi nne, akala huko huko, akarudi usiku. Kiroba cha pili sikuhitaji kukituma. Mamkubwa alimwita mwenyewe kwa sababu ya taa iliyogoma kuwaka.

Ujumbe, hata uwe na saa na nazi, una mpaka wake. Rafiki yako akikuambia kwamba halali usiku kwa wiki nzima, hali chakula, au anaona ni afadhali asingekuwepo duniani, usikae kuandika. Mpigie papo hapo, usimwache peke yake, mtafute mtu aliye karibu naye ampeleke hospitali, nawe upande treni. Hapo si mambo ya kukuna nazi.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe uliouandika. Futa aya zote, usione uchungu, zangu zilikuwa nzuri zaidi. Leo ni Alhamisi, kwa hiyo unayo nafasi ya kumwandikia usiku huu kwamba Jumamosi saa kumi jioni utampigia, na uweke kengele ya simu saa tisa na dakika hamsini, kwa sababu ukiisahau Jumamosi ya kwanza atakuandikia "usijali, niko poa", na wewe sasa unajua maana yake.